Hotuba ya mstarini kuhusu kuhifadhi maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila inapokaribia tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani, walimu wenzangu na wanafunzi wao huniletea maswali yaleyale. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi mashamba ya Unguja, upande wa mashariki, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia watoto wa darasa la sita kutayarisha hotuba hii. Nimeyaweka maswali hapa pamoja na majibu yangu, na katikati kuna hotuba moja nzima ambayo unaweza kuichukua na kuibadilisha iendane na skuli yako.

Hotuba iwe ya muda gani?

Dakika tano, isizidi. Watoto wamesimama juani. Mtoto wa darasa la sita anayesoma bila pupa hutamka maneno kama 400 au 450 kwa muda huo. Ukimwandikia kurasa tatu atazikimbiza, na hakuna atakayesikia chochote.

Nianze na nini? Wanafunzi wangu wote huanza na "maji ni uhai".

Na mimi nilianza hivyo. Hotuba ya kwanza niliyomwandikia mtoto ilikuwa na maji ni uhai, ilikuwa na aya, ilikuwa na shairi la beti mbili. Watoto walipiga makofi, Mwalimu Mkuu akashukuru. Wakati wa mapumziko nikapita kwenye mifereji ya msikiti wa skuli, nikakuta miwili iko wazi inamwaga na hakuna mtu. Waliopiga makofi ndio hao hao walioiacha.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja. Mtoto habadilishi mwendo wake kwa kuambiwa kwamba maji yana thamani, kwa sababu hilo analijua tangu hajaanza skuli. Hubadilika akiyaona maji yake mwenyewe yamepimwa mbele ya macho yake, kwa chombo anachokijua. Kwa hiyo anza na dumu la lita 20. Lilete mstarini limejaa, liweke chini mbele ya safu ya kwanza, kisha msemaji azungumze juu ya hilo dumu.

Jambo la pili linafuata hapo hapo: hotuba moja, tabia moja. Ukitaja mswaki, kukoga, kufua, kumwagilia bustani na mfereji unaovuja kwa mpigo mmoja, jioni hakuna litakalokumbukwa. Chagua lile linalomaliza maji ya skuli yako. Kwetu lilikuwa ni udhu wa adhuhuri. Kwenu huenda ni jingine, na hulijui mpaka upime.

Nitapimaje? Skuli haina mita ya kusoma.

Huhitaji mita. Unahitaji chupa ya lita moja na nusu, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na watoto watatu makini.

Kwanza pima mfereji. Ufungue kama watoto wanavyoufungua kila siku, usiufungue kwa adabu, halafu uweke chupa chini yake uhesabu. Kwetu chupa ilijaa kwa sekunde 15. Dakika moja ina sekunde 15 mara nne, kwa hiyo mfereji ule unatoa chupa nne kwa dakika, yaani lita 6. Rudia mara tatu, na urudie saa tofauti, kwa sababu tangi likiwa limejaa maji hushuka kwa nguvu, na likikaribia kwisha hutoka kama uzi. Chukua kipimo cha saa ile ile ambayo tabia unayoitafuta hutokea. Sisi tulipima saa sita na nusu mchana.

Kisha pima watu, na hapa ndipo wengi hukosea. Mara ya kwanza niliweka beseni chini ya mfereji nikawaambia watoto watawadhe ndani yake tuone wanatumia maji kiasi gani. Kila mmoja alitawadha kama shekhe mzee, polepole, mfereji kaufungua nusu. Beseni lilikuwa na maji ya kusifiwa. Mtoto anayejua anatizamwa si yule wa kila siku.

Mara ya pili niliwakalisha watoto watatu kwenye ngazi ya msikiti, mbali kidogo, wakiwa na simu na daftari. Waliandika tu sekunde ngapi mfereji ulikaa wazi kwa kila mtu, bila kuandika jina. Jina likiandikwa inakuwa kesi, na kesi huleta ugomvi. Kwa watu 30 waliowapima, wastani ulikuwa sekunde 80. Kwa mfereji wa lita 6 kwa dakika, sekunde 80 ni lita 8.

Lita 8 kwa udhu mmoja. Watoto wanaotawadha adhuhuri kwetu ni kama 120. Hiyo ni lita 960, na tangi letu ni la lita 1,000. Tulikuwa tunajiuliza kila siku kwa nini mkondo wa mchana wanakuta tangi tupu. Tulilaumu umeme, tukalaumu pampu, tukawalaumu majirani. Jibu lilikuwa kwenye daftari la mtoto wa darasa la sita.

Nikiwataka watoto watawadhe kwa kopo la lita moja badala ya mferejini, linatosha udhu kweli? Wengine wanasema maji lazima yatiririke ndiyo udhu uwe safi.

Swali hili lijibiwe na maalim wa chuoni, na ni bora umwombe aje mstarini mwenyewe aseme neno moja. Yatakayotoka kinywani mwake yatawaingia watoto kuliko yangu. Lakini alivyotueleza sisi ni hivi. Katika hadithi iliyopokelewa na Anas, na imo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akikoga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Wazee wetu wa Kiswahili walitumia kibaba na pishi kuyataja haya, na watoto wengi bado wanalijua neno pishi kwa sababu ya zaka ya fitri. Kibaba hicho kwa vipimo vya leo hakifiki lita moja, kiko kama robo tatu hivi.

Nikaona nihesabu mwenyewe. Kiganja cha mtoto kikijaa hushika kama vijiko viwili vya mezani, tuseme mililita 30. Mikono mara tatu, kusukutua mara tatu, pua mara tatu, uso mara tatu, mkono wa kulia mara tatu, wa kushoto mara tatu, kichwa na masikio, kisha kila mguu mara tatu. Ukipaka kichwa mara moja na masikio mara moja unapata viganja 26, yaani kama mililita 780. Miguu hula zaidi kidogo kwa sababu maji hukimbia kabla ya kufika kisigino. Kopo la lita moja linatosha na linabakisha.

Kuna hila moja ya kumfundisha mtoto. Asitumbukize mkono ndani ya kopo. Alishike kwa mkono mmoja, amimine kiganjani kidogo kidogo, na miguuni amimine huku mkono mwingine unasugua. Watoto wanaoshindwa na kopo moja mara nyingi wanashindwa kwa sababu wanamwaga yote kwenye mguu wa kulia, wa kushoto ukakosa.

Kama skulini kwenu wako wanafunzi wasiokuwa Waislamu, usiwaache nje. Wao wanatumia mifereji hiyo hiyo kunawa mikono na kuosha vyombo vya chakula, na kopo ni kopo.

Watoto wangu wanachota maji kisimani tangu alfajiri. Nitawaambia vipi wasipoteze maji?

Usiwaambie hivyo. Mtoto wa kike aliyebeba ndoo kichwani kabla ya kuja skuli anajua uzito wa maji kuliko wewe uliyeandika hotuba. Lita 20 ni kilo 20, na shingo yake inalijua hilo. Ukimsimamia mbele yake ukamtaka aache israfu, umemtukana.

Mfanye yeye awe msemaji. Mwaka mmoja alizungumza mtoto wa familia isiyo na mfereji, akaeleza anavyoyagawa madumu matatu kwa siku nzima nyumbani kwao: lipi la kupikia na kunywa, lipi la kukoga, na lile la mwisho linalofua kwanza kisha likaenda chooni. Hakutoa nasaha hata moja. Uwanja mzima ulinyamaza, hata wale wakubwa wa nyuma ambao hawanyamazi.

Tuna masika na tuna vuli. Watoto wakiuliza maji yataishaje kisiwa kinachonyeshewa namna hii, nijibu nini?

Usiseme yataisha. Sema yatageuka chumvi, kwa sababu ndivyo inavyotokea kwetu, na watoto wa pwani wameshaonja.

Unguja na Pemba hazina ziwa, na mito yetu ni vijito. Maji tunayokunywa karibu yote yanatoka ardhini. Hata Mji Mkongwe ulipopata maji ya bomba enzi za Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, yalivutwa kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mvua ya masika huingia kwenye mawe yetu ya matumbawe, ambayo yana matundu kama sponji, ikashuka mpaka inapokutana na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa. Maji baridi ni mepesi kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo hayazami. Hukaa juu yake, kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi, ila mpaka wao hauko wazi namna hiyo, huchanganyika kidogo.

Wataalamu wana kipimo chao cha kukadiria: kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Maana yake, ukivuta sana mpaka kimo cha juu kikashuka mita moja, chumvi ya chini inaelekea kupanda mita 40. Si siku hiyo hiyo, lakini inapanda. Ndiyo sababu kisima cha karibu na pwani huharibika kabla hakijakauka. Unavuta, maji yapo, lakini chai imeharibika.

Mtoto atauliza atajuaje. Watu wengi husema utajua kwa povu la sabuni, na hilo si sahihi kwetu. Maji yanayopita kwenye mawe ya chokaa hukataa povu hata yakiwa baridi kabisa. Kipimo cha nyumbani ni ulimi, na ulimi wa mtu aliyetoka nje ya kijiji ni bora zaidi, kwa sababu wenyeji huzoea chumvi ikipanda kidogo kidogo. Kwetu wageni wa harusi ndio waliotuambia.

Katika hotuba, chagua sentensi mbili tu za maelezo haya. Mengine yabakishe darasani.

Naomba mfano wa hotuba yenyewe.

Hii ilisomwa na mtoto wa kike wa darasa la sita. Palikuwa na dumu lililojaa, beseni, kopo la lita moja, na mvulana mmoja wa kutawadha mbele ya watu. Palipo na mabano ndipo anaponyamaza na kutenda.

"Mwalimu Mkuu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu, asalaam alaykum.

Dumu hili lina lita 20. Tumelibeba watu wawili kutoka kwenye tangi. Naomba mmoja wa darasa la tano aje alinyanyue peke yake. (Subiri.) Ahsante. Mmemuona alivyokunja uso.

Wiki iliyopita mimi na wenzangu wawili tulikaa kwenye ngazi ya msikiti tukiwa na saa. Hatukuandika jina la mtu. Tuliandika mfereji umefunguliwa lini na umefungwa lini. Mfereji wetu unatoa lita 6 kwa dakika moja. Tulipofanya hesabu na Maalim, tukaona kila mmoja wetu anatawadha kwa lita 8. Sasa tizameni lita 8. (Mimina kwenye beseni mpaka alama.)

Haya ni maji ya udhu mmoja wa mtu mmoja. Ukiyapima na kwenye dumu, watu wawili na nusu wamelimaliza dumu lote hili.

Sisi tunaotawadha adhuhuri ni 120. Tangi letu ni la lita 1,000. Tukimaliza kutawadha, zinabaki lita 40, madumu mawili. Hapo ndipo wenzetu wa mkondo wa mchana wanapoingia.

Mdogo wangu yumo mkondo wa mchana. Siku moja alirudi nyumbani mikono imejaa udongo wa bustani ya skuli, akakaa kula. Nikamwambia, 'Hukunawa?' Akaniambia, 'Dada, tangi lilikuwa tupu.' Nilimpa maji akanawa. Wakati ule sikujua maji yake nimeyamwaga mimi.

Maji haya hatuyatengenezi. Yanatoka kwenye mawe chini yetu, na chini ya hayo kuna bahari. Tukiyavuta kupita kiasi, chumvi inapanda.

Hili hapa ni kopo la lita moja. (Jaza kopo kutoka kwenye dumu.) Maalim wetu wa chuoni ametufundisha kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja. Kibaba hakifiki kopo hili. Sasa mwenzetu atatawadha hapa mbele yenu. Hatutamharakisha. (Mvulana anatawadha. Watu wote wanatizama.)

Naomba kopo. (Onesha ndani.) Safu ya mbele waambieni wa nyuma, kuna maji au hakuna? Yamebaki. Ametawadha tatu tatu, hakuacha kitu, na maji yamebaki.

Leo adhuhuri mtakuta makopo 30 juu ya ukuta wa msikiti, na ndoo tatu zenye koki. Chukua kopo, chota, tawadha, rudisha kopo ulipolikuta. Nawaomba jambo hilo moja tu.

Maji ya beseni hili tunayapeleka kwenye mipapai nyuma ya darasa la pili. Ahsanteni kunisikiliza."

Angalia kwamba hakusema "tuhifadhi maji" hata mara moja. Na angalia kwamba maji ya maonesho yalikwenda mahali. Ukiyamwaga uwanjani baada ya hotuba ya maji, watoto hawatakusahau, na si kwa wema.

Nina nafasi ya hotuba ya pili. Nizungumzie tabia gani?

Mfereji mkavu. Hili halimo kwenye mabango, kwa sababu mabango mengi yameandikwa na watu ambao mfereji wao hautoki hewa.

Kwetu maji huja kwa zamu, na mara nyingi huja usiku. Mtu anafungua mfereji jioni, unakoroma, hautoi kitu, anaondoka. Hakuufunga, kwa sababu anaona hakuna cha kufunga. Saa nane za usiku maji yanafika. Mimi limenipata nyumbani kwangu. Nilifungua mfereji wa jikoni magharibi, nikaukuta mkavu, nikaenda kusali. Nikaamka kwa baridi ya maji miguuni, zulia la ukumbini linaelea pembe moja, na viatu vya mtoto vimefika mlangoni peke yao. Kilichoniuma zaidi kilikuja asubuhi: tangi halikupata kitu, na zamu ilikuwa imekwisha. Tulinunua maji wiki ile.

Kwa hiyo mfundishe mtoto aseme maneno haya mwenyewe: mfereji mkavu hufungwa kama mfereji uliojaa. Ukiufungua ukakuta hewa, ufunge kabla hujageuka. Kwa hotuba hii leta mfereji wa zamani uliong'olewa, upitishe mikononi mwao, na umwombe kila mmoja aseme umefungwa au uko wazi. Bila maji, wengi hawajui kwa kutizama tu. Hilo ndilo wanalotakiwa kuligundua.

Kama tangi la skuli linajazwa usiku, mwambie Mwalimu Mkuu amwite fundi aangalie boya. Boya likikwama, tangi hufurika mpaka asubuhi. Alama yake ni rahisi: ukuta chini ya tangi una ukungu wa kijani hata kiangazi.

Mfereji unaovuja tone tone unastahili hotuba?

Hapana, unastahili fundi. Lakini kuupima ni zoezi zuri la darasani. Weka kikombe chini yake kwa dakika 10, kisha pima. Ukipata mililita 100, kwa saa moja ni 600, na kwa siku nzima ni lita 14 na kidogo. Kwa wiki ni kama madumu matano. Mpelekee Mwalimu Mkuu hesabu hiyo kwenye karatasi, atatoa pesa ya kununulia washa ya mfereji haraka kuliko ukimwambia tu kwamba mfereji unavuja.

Kuna matumizi ambayo hotuba isiyaguse?

Yapo matatu, na nakuomba uwe mkali hapa. Kunywa, kunawa mikono kwa sabuni, na maji ya chooni. Visiwa vyetu vimewahi kupigwa na kipindupindu zaidi ya mara moja. Mtoto aliyeambiwa "usipoteze maji" na mtu asiyefafanua, huanza kupunguza pale pasipoonekana, yaani mikono baada ya choo. Msemaji aseme waziwazi kwamba mikono inanawiwa kila mara. Kinachobadilika ni namna tu: lowesha, funga koki, sugua kwa sabuni mpaka kwenye kucha, kisha fungua usuuze.

Na maji yanayohifadhiwa yafunikwe. Ndoo wazi inayokaa siku kadhaa hulea viluwiluwi vya mbu. Ndoo zetu za udhu humwagwa kwenye mipapai kila Alhamisi jioni na kufunikwa zikiwa tupu.

Siku gani inafaa?

Tarehe 22 Machi ina jina, lakini mara nyingi masika yamekaribia au yameshaanza, na ni vigumu kuzungumzia shida ya maji watu wameshika miamvuli. Mimi napendelea Februari, kaskazi inapovuma na visima viko chini. Ikiangukia Ramadhani, iache ipite. Mtoto aliyefunga usimwekee dumu la maji mbele yake asubuhi juani.

Nitajuaje kama hotuba imefanya kazi?

Ligonge tangi. Tangi la plastiki ukilipiga ngumi ubavuni, palipo na maji hulia zito na palipo tupu hulia kama ngoma. Anza juu ushuke, na pale mlio unapobadilika weka alama ya chaki. Fanya hivyo kila siku baada ya sala ya adhuhuri, mtoto yule yule, kwa wiki mbili kabla ya hotuba na wiki mbili baada yake.

Kwetu kabla ya hotuba alama ilikuwa chini kabisa, karibu na koki. Kama wote 120 wangetumia kopo moja, tungetumia lita 120 na tungebaki na 880. Wiki ya kwanza baada ya hotuba tulibaki na kama lita 400. Nilivunjika moyo kidogo, nikaenda kukaa tena kwenye ngazi. Nikaona sababu mbili. Ndoo tatu ziliisha katikati ya sala, na waliokuja mwisho wakarudi kwenye mfereji. Na wengine walijaza kopo mferejini, likajaa, likafurika, huku wao wanakunja suruali. Tukaongeza ndoo nne, tukawapa watoto wawili wa zamu kazi ya kuzijaza kabla ya adhana, tukafunga mifereji ya mwanzo miwili kwa kamba.

Alama ya chaki ikapanda mpaka juu ya nusu. Ikakaa huko wiki tatu, kisha ikaanza kushuka tena. Safari hii haikuhitaji kukaa kwenye ngazi. Nilihesabu makopo ukutani: kati ya 30 yalikuwepo 11. Mengine yalikuwa yamekwenda kuchezewa mchanga, mawili yalikuwa kwenye banda la kuku la jirani. Sasa kila kopo limetobolewa mpini na kufungwa kwa kamba ya nailoni kwenye msumari, urefu wa kamba unamtosha mtoto kufika miguuni lakini haumtoshi kuondoka nalo, na mtoto wa zamu huyahesabu kila Jumatatu kabla ya mstari.